Ramani ya mwenzako na safari ulizokwisha kuandika: anza na safari ya haraka

Sisi ni wawili tunaoandika riwaya ya vipande, mimi nikiwa Bukavu, mwenzangu Goma. Vipande vya mwanzo vilikuwa vimeshasomwa na watu ndipo mwenzangu akachora ramani ya ufalme wetu wa kubuni. Ni ramani nzuri, ila pembeni aliweka skeli: santimeta 1 ni kilomita 10. Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Ukikutwa na jambo kama hilo, rudi kwenye maandishi, toa kila sentensi inayotaja safari, na kando yake andika nani anasafiri, kwa chombo gani na amebeba nini. Bila chombo, muda hauna maana. Boti ya kasi inatoka Goma na kufika Bukavu kwa saa chache, meli ya mizigo inachukua usiku mzima, na ziwa ni lile lile.

Kisha, kati ya safari za miguu, tafuta ya haraka kuliko zote ukilinganisha na urefu wake kwenye ramani. Safari inayochelewa ina visingizio vingi: mlima, matope, mguu kuvimba. Inayowahi haina, kwa kuwa mtu hawezi kupita mwendo wa miguu yake. Kwa hiyo skeli hupangwa na anayewahi.

Kwetu walikuwa wamama wa sokoni. Kipande cha kwanza kinasema wanatoka Bweza saa kumi alfajiri, wanauza Tundira, na wanarudi nyumbani saa moja jioni. Jumla ni saa 15. Ondoa 3 za soko, zinabaki 6 kwenda na 6 kurudi. Mtu mwenye kapu kichwani tulimpa kilomita 4 kwa saa, basi njia ni kama kilomita 24. Njia ya vilima haiendi moja kwa moja. Sisi hugawa kwa 1.4, ikabaki karibu kilomita 17 za rula. Kwenye ramani miji hiyo imeachana santimeta 7. Kwa skeli ya mwenzangu, wale wamama wangetembea karibu kilomita 100 kwenda tu!

Tukaweka santimeta 1 kuwa kilomita 2.5, bila kusogeza mji hata mmoja.

Mwenzangu hakufurahi. “Yaya, umegeuza ufalme wangu kuwa shamba.” Karatasi yake ina upana wa santimeta 20, maana yake ufalme wote ni kilomita 50. Nikamkumbusha Idjwi: kisiwa kina urefu wa kama kilomita 40, na kilikuwa na mwami wake. Akitaka nchi kubwa, aongeze karatasi upande wa mashariki, ambako hatujampeleka mtu yeyote.

Safari ya pili ilikuwa ya mtumbwi, Tundira hadi Lumeno, kutoka macheo hadi adhuhuri. Kwenye ramani ni santimeta 10, yaani kilomita 25, na kwa saa 6 ni zaidi kidogo ya kilomita 4 kwa saa. Inakubali. Safari ya majini ni shahidi mzuri kwa sababu haina kona nyingi za kukisia.

Ya tatu ilikuwa ya mjumbe: Bweza hadi Lumeno kwa miguu, siku mbili. Ramani inatoa santimeta 8, kilomita 20 za rula, kama 28 za njia. Kijana mwenye habari ya vita anaimaliza kwa siku moja. Amechelewa, basi anahitaji kizuizi. Mtu aliyepanda Nyiragongo anajua: kutoka Kibati hadi juu ni kilomita 8 hivi, lakini unapanda karibu mita 1,500, na saa 4 hadi 6 zinaisha. Mwenzangu alikuwa na safu ya milima kusini, bila kazi yoyote. Tukaihamishia kati ya Bweza na Lumeno. Mjumbe anapanda, giza linamkuta juu, anateremka kesho yake.

Nilidhani tumemaliza, mwenzangu akauliza swali ambalo msomaji mkali angeuliza: kwa nini mjumbe asipite Tundira? Saa 6 kwa miguu, alale, kesho apande mtumbwi, adhuhuri yuko Lumeno. Anawahi kuliko njia ya mlima kwa nusu siku. Hesabu hizi kila moja peke yake zilikuwa sawa, ila pamoja zilifungua njia ya mkato. Kwa hiyo, baada ya skeli, jaribu kila njia inayopitia mji wa tatu.

Hapa ramani haikuweza kutusaidia. Ikabidi hadithi ijibu: kwenye kipande kinachofuata, adui ameshika bandari ya Tundira na mitumbwi imefungwa. Wamama wa sokoni hawaguswi, wao walipita kabla ya vita.

Kwenye ramani ya wasomaji skeli tumeiondoa. Kando ya kila njia tumeandika saa za mwendo na chombo. Ile yenye kilomita tunabaki nayo sisi wawili.