Nyota moja ya saa saba usiku

"Kuna aliyewahi kuandika maoni ya hasira usiku kuhusu fundi, halafu akakutana na mwenyewe ana kwa ana? Uliyaacha au uliyafuta?"

Mimi. Nilimpelekea fundi kitambaa changu cha pamba anishonee gauni refu. Siku ya kwanza lilinikaa vizuri sana. Nikalifua, nikalianika, na nilipolivaa tena pindo lilikuwa limepanda juu ya vifundo vya miguu. Saa saba usiku, nikiwa kitandani, nikampa nyota moja na kuandika: "Gauni limekuwa fupi. Ameniibia kitambaa." Gauni kuwa fupi nilikuwa nimeliona kwa macho yangu. Wizi niliubuni palepale, na ndio unaoniuma mpaka leo.

Wiki mbili baadaye ilinibidi nikachukue sketi niliyokuwa nimeiacha kwake. Alishanitambua, maana jina nililotumia ndilo lililokuwa kwenye daftari lake la vipimo. Hakupandisha sauti. Aliniambia tu, "Dada, kalete lile gauni tulipime."

Daftari lilisema sentimita 130 kutoka begani hadi kwenye pindo. Gauni sasa lilikuwa 122. Akatoa mfuko wa mabaki ya kitambaa changu, ambayo alikuwa ameyatunza, akakata kipande na kukitia alama ya mraba wa sentimita 50 kila upande. Alama aliishona kwa uzi, kwa sababu chaki ingetoka majini. Akakilowesha, akakianika, akaniomba nirudi kesho yake.

Kesho yake tulipima pamoja. Upana ulikuwa 49, urefu 47. Tatu katika hamsini ni sita katika mia, na sita katika mia ya 130 ni karibu sentimita nane: zilezile nilizozililia usiku. Akanieleza kuwa nyuzi za urefu hukazwa sana kitambaa kinapofumwa, na maji ya kwanza huzilegeza, ndiyo maana kitambaa hurudi zaidi kwa urefu kuliko kwa upana.

Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. "Kila mteja huwa ninamuuliza kama kitambaa kimeshaloweshwa. Wewe sikukuuliza, siku ile foleni ilikuwa kubwa. Hilo kosa langu. Lakini kuiba, sikuiba." Akaniambia kuwa tangu maoni yale, wateja wawili walisimama juu yake akikata, macho kwenye mkasi mpaka mwisho. Nilimwomba radhi, na machozi yalinitoka.

Sikuyafuta maoni, kwa sababu lile la kutoulizwa lilikuwa kweli na mteja mwingine anahitaji kulijua. Niliyahariri nikiwa bado nimekaa pale kibandani kwake: niliondoa neno la wizi, nikaeleza kwamba lilikuwa uongo wangu, nikaandika vile vipimo na kwamba sikuulizwa kama kitambaa kimeloweshwa, nikaongeza nyota mbili. Yeye alichukua mabaki yaliyosalia, akayalowesha na kuyakausha kwanza, akaunga ukanda wa sentimita nane chini ya gauni.