Laini ya bibi, simu ya mwizi

"Laini iliyopokea pesa niliyotapeliwa imesajiliwa kwa jina la bibi kizee. Sasa polisi watamshika nani?"

Bibi ataitwa, ila kuhojiwa si kushtakiwa. Mpelelezi akipata amri ya mahakama, hufuata miamala laini kwa laini hadi kwa wakala pesa ilikotolewa. Kisha huuliza IMEI, namba ya utambulisho ya simu yenyewe: laini hiyo iliwekwa kwenye simu gani? Huenda simu hiyohiyo imewahi kubeba laini ya mwizi mwenyewe, ile anayompigia mkewe. Hapo shtaka la kujipatia fedha kwa udanganyifu hupata mtu. Akiwa ameitupa simu, hubaki kamera ya wakala, kama ipo.

— Mimi nilikosea namba tu nikituma pesa, nami nipitie huko polisi?

— Hapana ndugu, piga huduma kwa wateja upesi, kabla aliyezipokea hajazitoa.