Muuzaji yuko Nairobi, VAT unalipa wewe: huduma zinazonunuliwa nje ya nchi

Nafanya hesabu za kampuni kadhaa hapa Dar es Salaam, na kuna swali moja ambalo wateja huniuliza kwa sauti ya mtu aliyeonewa. Mzee mmoja mwenye majengo ya kupangisha Mikocheni aliniuliza hivi: "Mwanangu, mimi nimenunua, sijauza. Kodi ya mauzo inanihusu nini?" Alikuwa na ankara mkononi. Kampuni ya Nairobi ilikuwa imemuuzia mfumo wa kompyuta wa kusimamia wapangaji, na kwenye mstari wa VAT wameandika sifuri.

Sifuri ile haina kosa. Nchi nyingi hazitozi kodi ya ongezeko la thamani kwa huduma inayouzwa nje, kwa sababu kodi hii hukusanywa mahali huduma inapotumika. Mfumo unatumika Mikocheni, kwa hiyo kodi ni ya Tanzania. Tatizo ni nani ataikusanya. Ingekuwa jenereta, ingeshuka bandarini na forodha wangedai kodi kabla ya kuitoa. Mfumo wa kompyuta hauna kontena, unapita kwenye intaneti. Muuzaji naye hana ofisi hapa, hana usajili wa VAT hapa, na TRA haiwezi kwenda kugonga mlango wake kule Kenya. Anayefikiwa ni mnunuzi, ambaye amesajiliwa, ana vitabu na anapeleka ritani kila mwezi. Ndiyo maana sheria inamtaka ajitoze mwenyewe, kana kwamba ndiye aliyeuza.

Kuna sababu nyingine ambayo mimi naiona nzito zaidi. Kijana wa Sinza anayetengeneza mfumo kama ule, akiwa amesajiliwa, lazima aongeze asilimia 18 kwenye ankara yake. Kama wa Nairobi angeuza bila kodi na mnunuzi naye akanyamaza, kijana wetu angekuwa ghali kwa asilimia 18 kabla hajafungua mdomo. Hilo nalipinga kwa moyo wote, na kila mteja anayenung'unika namweleza.

Sasa tuje kwenye hesabu. Kampuni ambayo mauzo yake yote yanatozwa VAT haina cha kuogopa: kodi ya upande wa mauzo na ile inayodaiwa upande wa manunuzi zinafutana, na mwishoni kwa ankara hiyo hailipi kitu. Wanaoumia ni wenye mauzo mchanganyiko, na mzee wangu ni mmoja wao. Kupangisha nyumba za kuishi kumesamehewa VAT, lakini ofisi na maduka yanatozwa asilimia 18. Yeye anavyo vyote viwili.

Tuchukue namba za mfano zinazofanana na hali yake. Kwa mwezi, kodi ya pango ya ofisi na maduka ni shilingi milioni 60 kabla ya VAT, na ya nyumba za kuishi ni milioni 40. Ankara ya Nairobi ikibadilishwa kwa shilingi ni milioni 20. Asilimia 18 ya hiyo ni 3,600,000, na yote inaingia kwenye ritani kama kodi ya mauzo. Halafu tunauliza ni kiasi gani anaweza kukidai kama kodi ya manunuzi. Mfumo unahudumia wapangaji wote bila kuwatenganisha, kwa hiyo tunatumia uwiano: mauzo yanayotozwa kodi ni milioni 60 kati ya 100, yaani asilimia 60. Anadai 2,160,000. Zinazobaki, 1,440,000, analipa TRA na hazirudi. Ni sehemu ya gharama ya mfumo, kama ambavyo zingekuwa gharama kama angenunua kwa kijana wa Sinza.

Uwiano huo una mipaka miwili ya kukumbuka. Ukizidi asilimia 90, unadai kodi yote. Ukiwa chini ya asilimia 10, hudai chochote.

Hapa ndipo wengi huchanganya kodi mbili. Unapomlipa mtu wa nje kwa huduma, unakata pia kodi ya zuio ya asilimia 15. Kwa mfano wetu ni milioni 3, na Nairobi zinakwenda milioni 17. Hiyo ni kodi ya mapato ya muuzaji, wewe unaishika kwa niaba yake tu. VAT haihesabiwi kwenye milioni 17 ulizotuma benki. Inahesabiwa kwenye bei kamili, milioni 20. Nimeona vitabu ambavyo mhasibu alikuwa ameandika milioni 17 na kuona mambo yamekwisha, na pengo la VAT likabaki pale likisubiri ukaguzi.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji ujanja. Afisa anachukua ritani yako ya kodi ya zuio, anaona Machi ulimkatia mtu wa nje milioni 3, halafu anafungua ritani ya VAT ya mwezi uleule na kuangalia mstari wa huduma kutoka nje. Ukiwa sifuri, barua inakuja, na riba imeshaanza kuhesabiwa. Kwa hiyo mimi mwenyewe huzilaza ritani hizo mbili pamoja kila mwezi kabla ya kutuma. Kisha napitia akaunti ambako manunuzi haya hupenda kujificha: matangazo ya mtandaoni yanayolipwa kwa kadi ya kijana wa masoko, leseni za kompyuta, washauri wa nje, na ada ambazo kampuni mama hutoza. Za kadi ndizo mbaya zaidi, maana hakuna anayeleta ankara. Fedha zinaonekana kwenye taarifa ya benki tu.

Muda nao una utaratibu wake. Usisubiri ulipe ndipo uandike. Kodi huiva kwa tukio linalotangulia kati ya ankara, malipo na huduma kutolewa. Ankara ya Machi 5 iliyolipwa Mei ni ya ritani ya Machi, na ritani hiyo inatakiwa ifike kabla Aprili 20 haijapita. Muuzaji wa nje hana risiti ya mashine ya TRA, basi usiitafute. Tunza ankara yake, mkataba, hati ya benki na karatasi yako ya hesabu inayoonyesha kiwango cha kubadilisha fedha na uwiano uliotumia.

Kwa biashara ndogo ambayo haijasajiliwa VAT (kizingiti ni mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka tangu Julai 2023), njia hii haiwahusu. Huko, tangu 2022, muuzaji wa nje wa huduma za kielektroniki ndiye anayetakiwa kujisajili TRA na kutoza. Lakini ukiwa umesajiliwa, hakikisha namba yako ya usajili wa VAT, yaani VRN, imeandikwa kwenye akaunti yako kwa muuzaji. Bila hiyo atakuchukulia kama mtu wa kawaida na kukutoza VAT yeye.

Jambo la mwisho ni mkataba, na usome kabla ya kusaini. Kikiwemo kifungu kwamba muuzaji apokee milioni 20 kamili baada ya kodi zote, ile asilimia 15 imehamia kwako. Bei halisi sasa ni milioni 20 gawanya kwa 0.85, yaani takriban 23,529,000, na VAT inapanda hadi kama 4,235,000. Mzee wangu alikikuta kifungu hicho kwenye rasimu, akawapigia Nairobi, wakakifuta siku hiyohiyo.