Msuli wa mguu ukikukamata usiku: vuta vidole juu, na ujue lini siyo msuli tena

Kama shavu la mguu limekaza usiku na umepiga kelele mpaka nyumba nzima imeamka, fanya hivi kwanza mengine utasoma baadaye: nyoosha goti, halafu vuta vidole vya mguu vije juu upande wa uso wako, mkono ukishindwa kufika pitisha kanga kwenye unyayo ushike ncha zote mbili uvute taratibu, ukae hapohapo mpaka usikie lile donge linalegea. Ukiweza kusimama, simama ukanyage sakafu na kisigino kiwe chini kabisa, ni kitu kilekile, ila wazee mshike kitanda kwanza maana gizani na mguu unauma hivyo kuanguka ni rahisi sana. Ikishaachia, ichue kidogo au weka kitambaa cha moto, na usishangae kesho yake bado inauma, msuli umejibana kwa nguvu zake zote pale.

Kinachotokea ni kwamba tukilala wengi wetu vidole vinaelekea chini, mguu umenyooka kama wa mtu anayechungulia dirisha la juu, na hapo msuli wa shavu unakuwa tayari umefupika. Mishipa ya fahamu ikiutuma ujikaze hata kidogo tu unajibana mpaka mwisho na hauna nafasi ya kujiachia wenyewe. Ndo maana dawa yake ni kuurefusha, na ndo maana shuka au blanketi zito lililochomekwa kwa kubana miguuni linaongeza tatizo, linasukuma vidole chini usiku kucha. Legeza upande wa miguuni. Kama unalala kifudifudi acha miguu itokeze nje ya godoro.

Mi ni fundi cherehani, na yangu ni ile ya kukanyaga, msimu wa Idi au sare za shule mwezi wa kwanza nashinda nayo tangu asubuhi na miguu inapanda inashuka tu. Usiku wa siku hizo ndo msuli ulikuwa unanikamata, karibu na alfajiri, wa kulia hasa kwa sababu ndo ninaoutegemea kwenye kanyagio. Kina mama wanaosimama kupika mgahawani, vinyozi, walimu, wote wananiambia hayohayo, yaani ukichosha shavu la mguu mchana linakudai usiku. Wajawazito nao wanalijua sana hili, hasa mimba ikishakuwa kubwa, na umri ukisogea linakuja zaidi.

Kilichonisaidia ni kujinyoosha kabla ya kulala, kila siku, siyo siku ya kuumwa tu. Unasimama unatazama ukuta, viganja ukutani, mguu mmoja unaurudisha nyuma, kisigino kisinyanyuke na goti la nyuma lisikunjwe, halafu unaegemea mbele mpaka usikie shavu linavutika. Livutike, lisiume. Kaa hapo ukihesabu taratibu mpaka kumi, pumzika, rudia mara 3, hamia mguu wa pili. Wengi wanakosea kwenye kisigino, kikinyanyuka tu hujanyoosha kitu. Uholanzi walijaribu kujinyoosha hivi kwa watu wa zaidi ya miaka 55, matokeo yakachapishwa 2012, na baada ya wiki 6 za kufanya kila usiku waliofanya walikuwa wanakamatwa mara chache kuliko wasiofanya, na hata ikiwakamata maumivu yalipungua. Haikuisha kabisa. Kwa hiyo usifanye siku mbili ukasema haifanyi kazi.

Sasa maji. Kila mtu atakwambia kunywa maji, na kweli kama umeshinda juani unatoka jasho au umeharisha, mwili umepoteza maji na chumvi kwa pamoja, hapo maji matupu mengi peke yake hayatoshi, kunywa ORS ya pakiti au kula chakula chenye chumvi kidogo na mchuzi. Lakini kama hujapoteza maji, kunywa jagi zima usiku kutakuamsha kwenda chooni tu. Na mwenye presha, moyo au figo asijianzishie ORS bila kuuliza. Vidonge vya magnesiamu watu wanavisifia sana ila vilipopimwa kwa watu wazima, faida kwa msuli wa usiku haikuonekana, kwa wajawazito majibu yamechanganyika. Kwinini ndo usiiguse kabisa kwa ajili ya hili, wazee wanaikumbuka ya malaria na kweli inapunguza kidogo, lakini inaweza kuharibu mapigo ya moyo na kushusha chembe za kugandisha damu, mtu akatokwa na damu. Msuli haustahili hatari hiyo.

Kitu ambacho watu hawakiangalii ni dawa wanazomeza. Mama mkubwa wangu alianzishiwa kidonge cha presha kile cha kukojoza, na baada ya muda miguu ikaanza kumkamata karibu kila usiku, yeye akaongeza maji na ndizi na wala haikubadilika. Alipoenda na pakiti zote mkononi daktari akampima damu, potasiamu ilikuwa imeshuka, akabadilishiwa dawa na ikatulia. Hakuacha mwenyewe, na wewe usiache. Dawa za kushusha mafuta kwenye damu na zile za pumu nazo zinaweza kuleta hili, kwa hiyo jiulize tu: ilianza kabla au baada ya dawa mpya?

Halafu kuna ambayo siyo msuli kabisa. Msuli unakuja ghafla, donge linashikika ukiweka mkono, dakika chache unaachia. Jirani yangu alitoka Dar kwenda Bukoba kwa basi, akarudi analalamika msuli wa kushoto, lakini maumivu yalikuwa ya mchana na usiku, hayaachii, na mguu una joto. Nikachukua futi yangu ya dukani nikampima shavu la kila mguu, sentimita 10 chini ya ule mfupa unaotokeza chini ya goti: kulia 37, kushoto 41. Tofauti ikizidi sentimita 3 ni ya kukimbilia hospitali, ila hata ikiwa ndogo na mguu mmoja umevimba na unauma, nenda. Altrasaundi ikaonyesha damu imeganda kwenye mshipa wa ndani, akapewa dawa za kuzuia kuganda. Hatari yake ni lile bonge kusafiri mpaka kwenye mapafu, na hapo mtu anakosa pumzi au kifua kinamchoma, hiyo ni kwenda sasa hivi, hata kama ni saa nane usiku. Waliokaa safarini muda mrefu, waliofanyiwa upasuaji, waliojifungua karibuni au wenye mguu kwenye plasta wawe macho zaidi. Na mguu wa hivyo usichuliwe wala kukandwa, hata na bibi mwenye mikono mizuri kiasi gani.

Kuna na ile ya kuumwa shavu ukitembea, ukisimama linaisha, ukitembea tena linarudi palepale, hasa kwa mvuta sigara au mwenye sukari. Hiyo ni damu haifiki vizuri mguuni, na ikizidi mtu anaumwa hata kitandani na anapata nafuu akiuning'iniza mguu chini. Ganzi na kuwaka moto kwenye nyayo nayo ni mishipa ya fahamu, kapime sukari.

Ukienda kumwona daktari, beba dawa zako zote hata za kienyeji, mwambie inakukamata usiku au mchana, mguu mmoja au yote, inakaa muda gani, na kama mkojo umekuwa wa rangi ya chai au miguu imeishiwa nguvu usisubiri kuulizwa, anza na hilo.