Kabla hujaifomati simu: gemu yako inaishi wapi?

Nimecheza gemu moja kwa miaka miwili nikiingia kama Guest, sasa niko kiwango cha 47. Simu hii nataka kumpa mdogo wangu. Nikiingia kwenye simu mpya na akaunti yangu ileile ya Google, nitaikuta gemu nilipoiachia?

Kwa hali hiyo, hutaikuta. Anayecheza kama Guest hutambuliwa na gemu kwa alama iliyohifadhiwa ndani ya simu yenyewe, na akaunti yako ya Google haina habari yoyote na kiwango cha 47. Ukifomati, alama inafutika nawe unaanza upya kama mgeni.

Bahati nzuri simu bado unayo mkononi. Ifungue gemu kwenye simu ya zamani, bonyeza alama ya gia, kisha tafuta palipoandikwa Account, Link au Connect. Hapo utaunganisha na Google Play Games, au Game Center kama ni iPhone, au akaunti ya kampuni iliyotengeneza gemu. Hii ya mwisho ikiwepo, mimi huichagua hiyo, maana Game Center haipo kwenye Android, na siku utakapohama aina ya simu utakwama.

Sasa kuna mtego unaowanasa wengi: wanaanza na simu mpya. Wanapakua gemu kule, inajiunganisha yenyewe na Google Play Games, na papo hapo inatengeneza mchezaji mpya wa kiwango cha 1. Wakirudi kwenye simu ya zamani kuunganisha, linatokea dirisha linalosema akaunti hiyo tayari ina mchezaji, chagua umwache yupi. Mwenye haraka anabonyeza tu, na miaka miwili inapotea. Mimi mwenyewe nilibonyeza hivyo, usiku, huku nikizungumza na mtu, na sikuupata tena mji wangu. Kwa hiyo unganisha kwanza kutoka simu ya zamani, na dirisha hilo likitokea, soma kiwango kilichoandikwa kabla ya kugusa kitu.

Ukimaliza, piga picha ya skrini inayoonyesha Player ID, uitume kwenye barua pepe yako. Ikibaki kwenye simu itafutwa pamoja nayo. Kisha pakua gemu kwenye simu mpya. Ukiona 47 na Player ID ileile, cheza raundi moja, halafu ifungue tena gemu kwenye simu ya zamani. Kama raundi uliyocheza sasa hivi inaonekana huko pia, basi maendeleo yako yako kwenye seva na unaweza kufomati.

Mwanangu amejenga dunia zake za Minecraft kwenye simu, na ameingia kwa akaunti ya Microsoft. Si zimeshahifadhiwa huko?

Hapana, na hili limeliza watoto wengi. Akaunti ya Microsoft inabeba jina lake, marafiki zake na vitu alivyonunua Marketplace. Dunia alizojenga mwenyewe zimo ndani ya simu, isipokuwa zile zilizowekwa kwenye Realms, ambazo hukaa kwenye seva.

Zitoe moja moja. Kwenye orodha ya dunia bonyeza alama ya penseli pembeni ya jina, shuka chini hadi Export World, kisha hifadhi faili nje ya simu, kwa mfano kwenye Google Drive. Faili hilo huishia na `.mcworld`. Kwenye simu mpya, sakinisha Minecraft kwanza, halafu lifungue faili, nayo dunia itaingia yenyewe. Mwache mtoto atembee ndani yake na kukagua nyumba zake kabla hujafuta chochote. Yeye anajua kuliko wewe kama kuna kitu kimepungua.

Nilinunua almasi za ndani ya gemu, nikalipia pia kuondoa matangazo. Nitalipa tena?

Hivyo ni vitu viwili tofauti. Kuondoa matangazo ni ununuzi wa kudumu, unaokumbukwa na duka. Kwenye iPhone, ingia kwa Apple Account uliyonunulia, fungua gemu na ubonyeze Restore Purchases. Kwenye Android kwa kawaida hurudi wenyewe, mradi ni akaunti ileile ya Google. Ukihama kutoka Android kwenda iPhone, duka la huku halijui ulichonunua kule.

Almasi ni bidhaa ya kutumika ikaisha. Kwa duka, ulinunua ukakabidhiwa, biashara imekwisha. Restore Purchases haizirudishi. Zilizobaki zinamfuata mchezaji wako, ndiyo maana kuunganisha akaunti kuna uzito kuliko risiti. Hata hivyo risiti zitunze. Za Google Play zina namba inayoanza na `GPA.`, na ukilazimika kuwaandikia watengenezaji wa gemu, namba hiyo pamoja na Player ID ni ushahidi mzuri kwamba mchezaji huyo ni wako.

Kama una malipo ya kila mwezi, kumbuka kuwa kufuta gemu au kufomati simu hakuyasimamishi. Yanasitishwa dukani, kwenye Subscriptions.

Niliifomati Android yangu kwa kubonyeza vitufe vya pembeni, nikamuuzia mtu. Sasa anasema simu inadai akaunti ya zamani. Nimpe nenosiri langu?

Usimpe! Ukimpa, umempa barua pepe, gemu na ununuzi wako wote. Hilo ni kufuli la kuzuia wezi, lililokuja na Android 5.1: simu ikifutwa kwa vitufe huku akaunti ya Google ikiwa bado imo, inamdai aliyekuwa mwenyewe. Kuiondoa simu kutoka mbali kwenye orodha ya vifaa vyako si jambo la kutegemea hapa. Kutana naye, andika nenosiri kwa mkono wako, maliza kuiwasha, kisha uifute kwa njia ya kawaida.

Njia ya kawaida ni kuondoa akaunti zote kwanza kwenye Settings, halafu kuingia System, Reset options, Erase all data. Kwenye Samsung utaipata chini ya General management, kwa jina la Factory data reset. Na kama umebadilisha nenosiri la Google karibuni, subiri saa 24 kwanza.

Yangu ni iPhone, nimeshamkabidhi binamu yangu bila kutoka kwenye iCloud. Yuko mbali.

Wewe una nafuu. Ingia `icloud.com/find`, chagua simu hiyo, bonyeza Erase, na ikishafutika bonyeza Remove. Hatua ya pili usiisahau, kwani bila hiyo simu inabaki imefungwa kwa jina lako. Simu inatakiwa iwe kwenye intaneti ili ifutike.

Ila kabla ya Erase, jiulize kama kuna gemu iliyobaki humo kama Guest. Ikiwepo, mwombe binamu asubiri mpigiane simu, aiunganishe huku ukimwelekeza.

Nikishafomati, mtu anaweza kufukua picha na gemu zangu?

Kwenye simu za miaka ya karibuni data huhifadhiwa ikiwa imefumbwa, na kufomati kunaharibu ufunguo wake, hivyo kinachobaki hakisomeki. Kinachosahaulika ni memori kadi, ambayo kufomati simu kwa kawaida hakuigusi. Ichomoe, pamoja na laini.