Boriti, rada na umri wa nyumba ya Mji wa Kale: niliyoyaona mimi

*Swali: "Wakuu, tuna nyumba ya ukoo Mji wa Kale, wazee wanasema ina miaka 400. Kuna mtu anatushauri tupeleke kipande cha boriti kikapimwe kaboni, na tupitishe rada uani tuone kilicho chini. Je, vitatuambia nyumba ilijengwa lini, au ni hela za bure?"*

Salaam. Kazi yangu ni kupima na kuchora nyumba za zamani hapa Mombasa. Nyumba kama yenu nimewahi kuifanyia vyote viwili, na mwanzoni nikachemsha vibaya. Ngoja nieleze nilivyochemsha, maana jibu lako limo humo.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya ghorofa moja, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, dari za boriti, vyumba vyembamba kwa sababu boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Mzee mwenye nyumba naye alikuwa na miaka yake 400 mdomoni. Tukakata kipande cha boriti moja ya chumba cha chini, tukakituma maabara ya nje. Majibu yakarudi: 460 ± 30. Hiyo ni miaka kabla ya 1950, kabla haijasawazishwa. Ukisawazisha unaangukia karne ya 15, yaani kabla Vasco da Gama hajatia nanga hapa 1498. Mzee alifurahi, karibu achinje mbuzi.

Mimi nikakosa usingizi. Milango, zidaka, unene wa kuta, hakuna hata kimoja kilichosema karne ya 15. Nikarudi na tochi kuitazama ile boriti. Ilikuwa nyeusi, na ukiikwangua kwa kucha inatoa harufu ya gereji. Nikamuuliza mzee. "Aa, hizo babangu alizipaka oili chafu, mchwa wasile."

Hapo ndipo penye tatizo. Mti ukiwa hai unavuta kaboni-14 kutoka hewani. Ukikatwa, ile kaboni inaanza kupungua, na nusu yake huisha kwa miaka 5730. Maabara inapima iliyobaki. Sasa oili inatokana na mafuta ya ardhini yenye umri wa mamilioni ya miaka, haina kaboni-14 hata chembe. Ikiingia kwenye kipimo inaongeza kaboni mfu, na jibu linazeeka. Asilimia moja tu ya kaboni mfu inaongeza miaka 80 hivi. Asilimia tatu na kitu ilitosha kumpeleka mzee wangu karne ya 15. Maabara husafisha sampuli kwa asidi na alkali, na hiyo inatoa chokaa na uchafu wa udongo. Mafuta hayatoki kwa njia hiyo, yanataka kuoshwa kwa viyeyushi. Na hawataosha kama hukuwaambia. Mimi sikuwaambia, kwa hiyo kosa lilikuwa langu, si lao.

Mara ya pili nilichagua boriti ya chumba cha ndani ambayo haikupakwa kitu, na nikachukua sehemu ya nje kabisa, pale gamba lilipokuwa bado limeng'ang'ania. Pete ya nje ndiyo inayosema mti ulikatwa lini, ya katikati inasema ulianza kukua lini. Kwa boriti za mkoko tofauti hiyo si kubwa, ni makumi machache ya miaka. Kwa gogo nene la mvule lingekuwa balaa. Nikafunga kwenye foili, si pamba wala gazeti.

Jibu: 195 ± 25. Na hapa ndipo watu wengi hawaelewi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kaboni-14 hewani haikuwa sawa miaka yote. Ndiyo maana namba ya maabara hulinganishwa na mkondo uliochorwa kutokana na pete za miti ambayo umri wake unajulikana mwaka kwa mwaka. Mkondo huo, kuanzia miaka ya 1650 hadi 1950, haushuki vizuri, unapanda na kushuka kama njia ya milimani. Namba moja inagusa mkondo mahali patatu. Kwa 195 ± 25 mti ule ulikatwa kati ya 1655 na 1690 hivi, au kati ya 1730 na 1810, au baada ya 1920. Yote matatu yanakubalika. Ukipima boriti kumi za wakati mmoja utapata majibu kumi ya namna hiyo hiyo. Ni maumbile ya hewa, hakuna maabara ghali itakayokutoa hapo. Na sasa fikiria: nyumba nyingi zilizosimama Mji wa Kale leo ni za nyakati zipi? Hizo hizo. Jengo la karne ya 12 au 14 kaboni ingelibana vizuri zaidi. (Uliza pia wametumia mkondo upi, IntCal20 wa kaskazini au SHCal20 wa kusini. Sisi tuko digrii nne tu kusini ya ikweta, hewa yetu ni mchanganyiko, na tofauti inaweza kusogeza jibu kwa miaka kadhaa.)

Dirisha la tatu, la baada ya 1920, utalifungaje? Nilidhani hati ya kiwanja ingetosha, kwa kuwa Pwani madai ya ardhi yalianza kuandikishwa chini ya sheria ya 1908, na karatasi za mzee zilitaja nyumba ya mawe. Lakini hati inasema nyumba ilikuwepo, haisemi boriti ile ilikuwepo. Boriti huoza pale zinapoingia ukutani, zikabadilishwa moja moja. Basi nikaomba ruhusa nikabandua lipu kuzunguka mwisho wa boriti. Ukikuta saruji ya kijivu, acha, hiyo ni mpya. Nilikuta chokaa ile ile ya ukuta, nyeupe yenye vidoadoa vyeusi vya makaa, imeshikana na jiwe bila mpaka. Boriti iliwekwa ukuta ukijengwa. Dirisha la tatu likafungwa.

Vile vidoadoa vya makaa navyo vinapimika. Ni mabaki ya kuni za tanuu ya chokaa, na uzuri wake ni kwamba vimo ndani ya ukuta, haviwezi kubadilishwa kama boriti. Ukipata kipande cha kifuu ni bora kuliko mti, kwa sababu kifuu ni cha mwaka mmoja. Lakini mtu akikuambia apime chokaa yenyewe, mkatalie kwa adabu. Kinadharia chokaa inapokauka inavuta kaboni ya hewani. Kwa chokaa yetu, ndani yake mmebaki punje za matumbawe ambazo hazikuiva motoni, na mchanga wenye vipande vya kombe. Hiyo ni kaboni ya baharini, na bahari peke yake inazeesha jibu kwa mamia ya miaka.

Sasa rada. Uani tulipitisha antena ya megahezi 400, mistari kila nusu mita, urefu na upana. Rada haipimi kina, inapima muda wa mawimbi kwenda na kurudi. Kwenye udongo wetu ukiwa mkavu, mawimbi husafiri kama sentimita 10 kwa nanosekunde, hivyo mwangwi wa nanosekunde 16 ni kitu kilicho chini sentimita 80. Udongo ukilowa, mwendo unapungua na kina chote kinadanganya. Ukiwa na chumvi, mawimbi yanamezwa kabla hayajafika popote. Kwa hiyo msije mkaifanya masika.

Tulipata vitu viwili. Cha kwanza mstari ulionyooka, mita nne, kina cha sentimita 80, umekaa mshazari kidogo ukilinganisha na kuta za sasa. Cha pili mwangwi mkali mno kwenye kona, ambao kijana wa rada aliapa ni kaburi au hodhi ya kale. Wenye kibali wakachimba kote kuwili. (Kibali ni lazima, sheria ya makumbusho na turathi ya 2006 haina mchezo, usithubutu kushika sururu mwenyewe.) Hodhi ya kale ilikuwa shimo la choo lenye kifuniko cha zege na nondo. Ule mstari ulikuwa ukuta kweli, mawe ya matumbawe kwa udongo mwekundu, na msingi wa nyumba ya mzee umelala juu yake.

Rada haikuweza kusema ukuta ule ni wa lini. Kwake jiwe la juzi na la miaka 600 ni jiwe tu. Na penye mwamba wa matumbawe karibu, ukuta wa matumbawe hauonekani kabisa, maana ni kitu kimoja juu ya kingine. Ila ilituonyesha pa kuchimba mita moja badala ya kubomoa ua mzima, na koleo likatuambia nyumba hii ni ya pili kwenye kiwanja hicho. Kwa mtu wa majengo hilo ni kubwa, maana lilieleza kwa nini chumba kimoja kimekaa upande.

Kipimo cha sumaku tulikijaribu asubuhi moja tukakiacha. Mabati ya jirani, nyaya, bomba, skrini nzima ikawa nyeusi na nyeupe. Kule Songo Mnara, kisiwa cha karibu na Kilwa kisicho na msongamano wa nyaya na nondo, kiliwasaidia watafiti kuona mabaki ya nyumba za miti na udongo katikati ya magofu. Mji wa Kale si Songo Mnara.

Kilichotupa umri mwishowe ni kigae. Kwenye kifusi cha msingi, chini ya sakafu ya asili ambayo haikuwa na ufa wala tundu la panya, kilitoka kipande cha sahani ya Kizungu yenye maua ya buluu ya kuchapwa. Uchapaji huo wa buluu kwenye sahani za kawaida ulianza kuenea Uingereza miaka ya 1780. Msingi hauwezi kuwa wa kabla ya hapo, kwa hiyo dirisha la 1655 hadi 1690 nalo likafungwa. Ikabaki 1780 na kitu hadi 1810 hivi, kwa sharti kwamba boriti haikutolewa kwenye nyumba nyingine iliyobomolewa. Sharti hilo kaboni haiwezi kuliondoa. Mimi nilitazama kama boriti ina mikato au matundu ya misumari yasiyo na kazi, sikuona, nikaandika "yaelekea" na si "hakika".

Mzee alinuna wiki mbili. Baadaye akaanza kuwaambia wageni kwamba nyumba ina miaka 200, na ukuta wa chini ndio wenye 400. Huo wa chini hatukuupima, lakini sikumbishia.

Kwenu, kabla hamjalipa mtu yeyote, ulizeni nani alipaka nini kwenye boriti na lini. Kisha banduweni lipu sentimita kumi kwenye mwisho wa boriti mbili tatu, mpige picha, muweke hapa. Tukiona saruji, hiyo boriti haina haja ya kusafiri.