Kilo za chai zimeongezeka kwenye kompyuta

*Shikamoo Mzee. Nina miaka 41, ni mhasibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa chai huku Tukuyu. Nataka kuhamia kwenye uchambuzi wa data, na nimeanza kujifundisha SQL. Nimeunganisha jedwali la mizani na la malipo, lakini jumla ya kilo imekuja karibu mara mbili ya ile ya leja. Nimekosea wapi? Au nimeshachelewa?*

Marahaba, mwanangu. Umri tuuache. Umelinganisha jumla na leja kabla ya kuamini kompyuta, na hilo wapo wanaoandika amri haraka kuliko wewe ambao hawalifanyi.

Tumchukue mkulima mmoja, namba 014. Amepima majani mara mbili, kilo 120 na kilo 80. Amelipwa mara mbili pia, shilingi 50,000 na 30,000. Ukiunganisha kwa namba yake, kila mstari wa mizani unashikana na kila mstari wa malipo, na miwili kwa miwili inazaa minne. Kilo zinasomeka 400 badala ya 200, malipo 160,000 badala ya 80,000. Kompyuta hailalamiki. Tena ukigawanya, bei kwa kilo inabaki shilingi 400 ileile, kwa hiyo anayetazama bei peke yake hashtuki kabisa.

Dawa ni kujumlisha kila jedwali kwanza, ili kila mkulima abaki na mstari mmoja, ndipo uunganishe:

```sql
SELECT m.namba, m.kilo, p.fedha
FROM (SELECT namba, SUM(kilo) AS kilo
      FROM mizani GROUP BY namba) m
LEFT JOIN (SELECT namba, SUM(fedha) AS fedha
      FROM malipo GROUP BY namba) p
ON p.namba = m.namba;
```

LEFT JOIN inambakisha aliyepima lakini hajalipwa. Kwenye fedha utaona NULL, yaani hakuna malipo yaliyopatikana kwa namba yake. Usikimbilie kusema anadai. Huenda namba yenyewe ndiyo imeharibika: data ikipitia Excel, hupenda kula sifuri za mbele, 014 ikawa 14, na namba zilizohifadhiwa kama maandishi hazitakutana tena.

Sasa rudi kwenye uhasibu wako. Jumla ya kilo lazima ilingane na ya jedwali la mizani, na ya fedha na ya malipo. Kilo zikilingana lakini fedha zikapungua, kuna malipo yaliyokwenda kwa namba ambayo haipo kwenye mizani, na amri hii imeyaacha nje. Geuza majedwali, anza na malipo, uyaone. Mimi niliwahi kukuta namba za namna hiyo mahali fulani. Nyingi zilikuwa makosa ya kuandika, mbili hazikuwa.

Kazi usiache bado. Chukua msimu mmoja mzima, ufanye usuluhishi huu mwezi kwa mwezi, na uandike kila tofauti uliyoipata pamoja na chanzo chake. Kisha omba ruhusa ya chama, ondoa majina ya wakulima, unitumie. Nitaanza kusoma kwenye zile tofauti.